OAuth: programu inaingia bila nenosiri lako

"Nikiruhusu programu ya ratiba isome kalenda yangu ya Google, si itakuwa imepata nenosiri langu?"

Hapana. OAuth ni utaratibu wa kuipa programu ruhusa bila kuipa nenosiri. Ni kama ufunguo wa mwegesha magari: unawasha gari, haufungui buti. Nenosiri unaliandika kwa Google pekee, kwenye `accounts.google.com`; programu ikikuletea fomu yake yenyewe ya nenosiri, funga. Ukishakubali, programu hupewa msimbo wa muda mfupi, nayo huubadilisha kwa tokeni, yaani kibali cha kidijitali chenye mipaka uliyoidhinisha. Ruhusa ya `calendar.readonly` inasoma kalenda tu. Ikiomba na kutuma barua pepe, ya nini?

Wengi hujikwaa hapa: kubadili nenosiri si lazima kuitoe programu, maana tokeni yaweza kubaki hai. Ifutie ruhusa kwenye mipangilio ya akaunti, palipoorodheshwa programu zilizounganishwa.