Maneno ya ofa yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara

Nauza viatu Ngamiani, Tanga. Januari shule zinapofunguliwa ndiyo wiki zangu tatu za mwaka, na kwa miaka kadhaa nilizipoteza kwa sababu ya karatasi moja niliyoibandika mwenyewe kwenye kioo. Iliandikwa hivi, kwa mstari mmoja: PUNGUZO KABAMBE LA MSIMU WA KUFUNGUA SHULE. Niliipenda. Siku moja nilivuka barabara kununua maji, nikageuka kulitazama duka langu, nikaona kioo kina ukanda mwekundu wenye vijidudu vyeusi. Sikuweza kusoma hata neno moja la tangazo nililoliandika kwa mkono wangu.

Fundi wa mabango ndiye aliyenionyesha kosa liko wapi. Kanuni yake ni nyepesi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 kwenda juu. Hapo mtu anasoma bila kukaza macho. Kutoka ng'ambo hadi kioo changu nilihesabu hatua nikapata kama mita 12, kwa hiyo herufi zangu zilihitaji sentimita 10. Sasa tazama upana. Herufi zangu kubwa nene, pamoja na nafasi ya pembeni, hula upana wa karibu asilimia 70 ya urefu wake, yaani herufi ya sentimita 10 inachukua kama sentimita 7. Tangazo langu lilikuwa na herufi na nafasi 42. Zidisha kwa 7, unapata sentimita 294. Kioo changu kina sentimita 150.

Ndiyo maana maneno yalikuwa madogo. Ili yaenee kwenye kioo, ilibidi herufi zishuke hadi sentimita 5, na herufi ya sentimita 5 inasomeka vizuri kwa mita 6, katikati ya barabara, kwenye njia ya bodaboda. Hakuna anayesimama pale kusoma. Kila neno unaloliongeza linanyang'anya ukubwa wa maneno mengine, na Kiswahili chetu kina maneno marefu na viunganishi vingi: la, wa, ya, kwa ajili ya. Ukiandika sentensi kamili, kioo kimeisha.

Basi nikaanza kufuta. KABAMBE likaondoka kwanza. Ni neno tamu kinywani, lakini haliniambii kitu kuhusu viatu. BEI CHEE na BEI POA nimeziacha kwa sababu hiyo hiyo: duka la jirani nalo limeandika bei chee, na mama mwenye watoto watatu anataka kujua chee ni shilingi ngapi. MSIMU WA KUFUNGUA SHULE nalo likaondoka, maana Januari kila mzazi anajua shule zinafunguliwa. Neno SHULE peke yake linatosha kumgusa. Hata PUNGUZO lenyewe niliishia kulitoa, na hapo ndipo wenzangu wengi hawakubaliani nami. Wanasema bila neno punguzo au ofa mteja hatajua kuna ofa. Kwangu mimi bei nzuri ikionekana, mteja ameshajua. Kama duka lako lina bidhaa za kila aina na kila kimoja kimepungua kwa kiasi chake, huna bei moja ya kuonyesha, kwa hiyo andika OFA, herufi tatu, kisha asilimia. Lakini ukiwa na bidhaa moja inayovuta watu, andika jina la bidhaa na bei. Asilimia inamtaka mteja apige hesabu akiwa anatembea na mtoto mkononi.

Kioo changu sasa kina mistari minne. Juu kabisa VIATU VYA SHULE, herufi za sentimita 10, upana kama sentimita 105. Chini yake KUANZIA, sentimita 12. Kisha bei, 18,000, tarakimu zenye urefu wa sentimita 25, nazo pia zinakaa ndani ya sentimita 105 kwa sababu ni chache. Mwisho, sentimita 8: MWISHO 17 JANUARI. Ukijumlisha na nafasi za katikati, bango zima lina kimo cha kama sentimita 90. Bei inasomeka kutoka mbali sana kuliko maneno mengine, nami nataka iwe hivyo. Mtu anaiona bei kwanza, anasogea, anakuta ni viatu vya shule.

Hilo neno KUANZIA nimelipata kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa bango jipya niliandika VIATU VYA SHULE 18,000 tu, kwa kuwa nilitaka maneno machache. Bei hiyo ilikuwa ya namba 28 hadi 32. Namba 33 hadi 38 ilikuwa 24,000. Akaja mama na kijana wake wa darasa la saba, mguu namba 37. Kijana akavaa, akatembea, kikamkaa sawasawa. Nilipotaja 24,000 mama akanishika mkono akanitoa nje hadi mbele ya kioo. "Kaka, nisomee hapa umeandika nini." Nikasoma. Nilimwambia nitamuuzia kwa 18,000 kwa kuwa kosa ni langu, akakataa, akasema hanunui kwa mtu wa kumvuta kwa uongo. Nilisimama pale na kiatu kimoja mkononi. Alikuwa na haki. Na si haki ya moyoni tu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hapa kwetu inakataza kumpotosha mteja, na bei ya kwenye kioo ni ahadi kama nyingine.

Kwa hiyo kufupisha kuna mpaka wake. Maneno KUANZIA na HADI usiyatoe, wala usiyaandike kwa herufi ndogo kama sisimizi. Mimi huyapa karibu nusu ya urefu wa bei, yasipungue hapo. Kama bei iliyo kubwa inasomeka kutoka ng'ambo na KUANZIA halisomeki mpaka mtu aguse kioo, ni sawa na kutoliandika. Neno VYOTE nalo ni zito. VIATU VYOTE maana yake ni hata vile vya ngozi vilivyo kwenye shelfu la juu, na mteja atavidai.

Kuhusu rangi na mahali pa kubandika nitasema kidogo tu. Nyeusi juu ya njano inanifaa kuliko zote. Maandishi meusi juu ya karatasi nyekundu yanapotea kwa mbali, na nyekundu huwahi kupauka jua likiipiga kila siku. Mchana barabara ina mwanga kuliko ndani ya duka, kioo kinageuka kuwa kama cha kujitazamia. Bango ukiliweka nusu mita ndani, juu ya meza ya maonyesho, mteja anaona daladala zinapita badala ya maneno. Libandike kwa ndani likiwa limegusa kioo. Na angalia bodaboda na meza za wauza matunda zinafika wapi. Kwangu chochote kilicho chini ya mita 1.2 kinafunikwa ikifika saa tatu asubuhi.

Alama za kwenye shelfu zina kazi tofauti, na wengi wetu tunaziandika kana kwamba ni bango dogo. Mteja ameshaingia. Hahitaji kuambiwa tena kuna ofa; anahitaji kujua namba ya mtoto wake ni bei gani bila kuita mtu. Anaitazama mara mbili: mara ya kwanza akiwa mlangoni, kama mita 5, halafu akiwa mbele ya shelfu, mita moja au moja na nusu. Kwa kanuni ile ile, bei iwe na sentimita 4 au 5 aione kutoka mlangoni, na maneno mengine sentimita moja na nusu yanamtosha akisogea. Nusu ya karatasi ya A4 ikilazwa inabeba vyote hivyo. Yangu inasema hivi: NAMBA 28–32, chini yake 18,000 kubwa, na chini kabisa kwa herufi ndogo "ilikuwa 25,000", tarakimu zimepigwa mstari mmoja mwembamba. Mstari uwe mmoja. Niliwahi kupiga msalaba kwa maka peni nene, wateja wakawa wanauliza bei ya zamani ilikuwa ngapi, na maana ya kuiandika ikapotea. Na iwe bei uliyouzia kweli. Wateja wa Ngamiani wanakumbuka Novemba walinunua kwa ngapi.

Jihadhari na tarakimu zinazokaa pamoja. Hili sijaliona likisemwa popote, nami limenigharimu. Niliandika kwa mkono kwenye manila: SOKSI 3 5,000. Kwangu ilikuwa wazi, jozi tatu kwa elfu tano. Kutoka mlangoni ile nafasi ndogo kati ya 3 na 5 inamezwa, na mtu anasoma soksi 35,000. Siku nzima hakuna aliyezigusa, hadi dada mmoja alipocheka na kuuliza kama zimefumwa kwa dhahabu. Nikaandika upya: SOKSI TATU 5,000. Idadi kwa neno, bei kwa tarakimu, haviwezi kuungana tena. Ile alama ya /= baada ya bei nimeiacha pia, kwa sababu kwa mwandiko wa mkono ule mstari wa mshazari unafanana na moja, na 18,000 inaonekana kama ina tarakimu ya ziada. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama ni shilingi.

Kabla ya kubandika chochote sasa, nalishikilia bango kwenye kioo kwa selotepu kidogo, navuka barabara na kumwomba dereva wa bodaboda aliyeegesha pale alitazame kidogo kisha ageuke. Simuulizi kama linasomeka, maana atasema ndiyo kwa adabu. Namuuliza: "Wanauza nini, shilingi ngapi?" Mwaka jana mmoja alinijibu, "Viatu, elfu kumi na tatu." Nikarudi kutazama: tarakimu 8 niliichora nyembamba kiunoni na pande zake za kushoto zilikuwa wazi kidogo, kwa mbali ikawa 3. Niliichora tena kwa mviringo miwili iliyofungwa, unene wa mstari kama sehemu ya tano ya urefu wake, nikavuka tena. Akasema elfu kumi na nane, na akauliza kama namba 30 ipo.

Tarehe 17 jioni, kabla ya kufunga, bango linashuka. Nikiliacha hadi tarehe 18 nitalazimika kuuza kwa bei ile ile, na neno MWISHO mwakani halitaaminika na mtu yeyote wa mtaa huu.