Mgonjwa anaposema, "Sista, mke wangu asijue"

Kosa kubwa katika kutunza siri ya mgonjwa wa VVU hufanyika dakika tano za mwanzo, kabla mgonjwa hajasema lolote la maana. Muuguzi anataka kumtuliza, anamwambia: "Usiogope, ukisema hapa haitoki hata kwa nani." Baadaye mgonjwa anasema neno linalomgusa mtu wa tatu, na muuguzi amekwisha kujifunga kwa ahadi ambayo sheria yenyewe haimpi.

Maneno salama zaidi ni haya: "Utakayoniambia yanabaki kati yako na wanaokutibu. Kukiwa na mtu mwingine ambaye afya yake iko hatarini, nitazungumza na wewe kwanza tuone tutamfikiaje." Ni sentensi mbili tu, na mgonjwa aliyezisikia mapema hawezi kudai baadaye kwamba ulimgeuka.

Chukua mfano wa Tanzania. Fundi wa kuchomelea vyuma, miaka 34, amepimwa VVU baada ya kukohoa kwa muda mrefu, na majibu ni chanya. Mkewe ana mimba ya miezi mitano. Anasema, "Sista, mke wangu asijue. Na dada yangu aliyenileta hapo nje, naye asijue."

Hayo ni maombi mawili tofauti, na wengi huyachanganya. Dada hana hatari yoyote. Kula naye, kumfulia, kumuuguza, hakuna kinachompa virusi, hata kama ndiye aliyelipa nauli na gharama za vipimo na anakusubiri mlangoni na maswali. Kikohozi ni habari nyingine: kikithibitika kuwa kifua kikuu, waliolala naye chumba kimoja wanahitaji kuchunguzwa, lakini hilo linafanyika bila kugusa majibu ya VVU. Kwa mke hali ni tofauti. Yeye na mtoto aliye tumboni wapo hatarini kweli. Mama mwenye VVU asiyepata huduma yoyote, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Akianza dawa mapema na kuzishika vizuri, unashuka chini ya asilimia 5.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ni siri na hupewa aliyepimwa. Kifungu cha 16 kinaweka milango michache, na mmojawapo ni mwenzi au mtu anayeshiriki naye ngono. Soma vizuri: majibu *yanaweza* kutolewa. Ni ruhusa, si amri. Anayebanwa na wajibu wa kumwambia mwenzake ni mgonjwa mwenyewe. Wala mlango huo hauna nafasi ya dada, mama mkwe, mwajiri au mchungaji. Wenzetu wa Kenya wasinakili hili moja kwa moja. Sheria yao ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 24 kilichogusa jambo hili, na Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2015 kwa sababu, pamoja na mengine, haikueleweka ni nani hasa anayehesabika kuwa mhusika wa kuambiwa.

Sasa rudi kwa fundi wetu. Usianze na mahubiri, anza na maswali. Mara ya mwisho walilala pamoja bila kondomu lini? Kama ni ndani ya saa 72 na mke akipimwa akakutwa hana virusi, bado anaweza kupewa dawa za kinga za siku 28. Baada ya hapo nafasi hiyo imepita, kwa hiyo swali hili haliachwi mpaka kikao kijacho. Kisha uliza anaogopa nini. Kuachwa? Kuulizwa virusi alivitoa wapi? Ndipo uliza kuhusu kipigo: nyumbani kumewahi kuwa na kupigana, vitisho, au kulazimishana? Mwanamume anayesema "nikimwambia nitamwambia yeye ndiye aliyeniletea" amekuonyesha kwamba hatari ya mke si virusi peke yake. Na kama mgonjwa wako angekuwa mwanamke anayepigwa, swali hili ndilo lingeamua kila kitu, maana kufichua siri yake kunaweza kumfukuzisha nyumbani usiku huohuo.

Njia zilizopo ni nne. Amwambie mwenyewe. Akubaliane nawe tarehe, na ikipita hajafanya, ninyi mumwite mke. Mumwite mke bila kumtaja yeye. Au waje wote wawili chumbani kwako. Makubaliano ya tarehe kwa kawaida hupewa wiki mbili mpaka nne, ila kwa mimba hii siku saba ni nyingi. Njia ya kumwita bila kutaja jina inasifiwa kuliko inavyostahili: mwanamke mwenye mume mmoja tu atajua dakika hiyohiyo. Mwambie mume ukweli huo kabla hajaichagua.

Kinachosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kukumbuka kwamba mke anahitaji majibu *yake*, si ya mumewe. Kliniki ya wajawazito hupima VVU na hualika wenza waje pamoja, na kipimo hurudiwa mimba ikiwa kubwa. Mume akisema "twende kliniki pamoja, tupimwe wote", mara nyingi siri inajitatua pale pale mbele ya mshauri, bila mtu kumsaliti mwenzake. Mpangie siku, na muulize kama anataka majibu yasomwe mkiwa wote watatu.

Akikataa kata kata, usiamue peke yako. Keti na daktari, mshauri nasaha na mkuu wa kitengo. Mkikubaliana kumfikia mke, mgonjwa aambiwe kwanza: nani atamwambia, lini, na nini. Mke aambiwe ana kwa ana, faragha, kwamba huenda amekutana na maambukizi na inafaa apime leo. Basi. Alivyoambukizwa mume, kikohozi chake, mahusiano yake mengine, hayo hayatoki. Wala simu au ujumbe wa WhatsApp si mahali pake, kwa sababu simu ya mke mara nyingi hushikwa na watu wengine nyumbani.

Andika kwenye faili la mume: tarehe, maneno yake mwenyewe, ulichomshauri, nani alishiriki uamuzi, na kilichosemwa. Usiandike hali ya mume kwenye kadi ya kliniki ya mke. Hapa ndipo siri nyingi huvuja, maana kadi ile hulala nyumbani na husomwa na mama mkwe.

Kama fundi huyu angekuwa kwenye ARV muda mrefu na virusi havionekani kwenye damu, hatari ya kumwambukiza mke kwa ngono isingekuwepo, na sababu ya kuvunja siri ingepungua sana. Lakini ameanza leo. Kipimo cha wingi wa virusi kwa kawaida huchukuliwa baada ya miezi sita, na mtoto atakuwa ameshazaliwa.

Mke akishapima, mume huwa wa kwanza kuja dirishani: "Sista, yeye majibu yake yakoje?" Mjibu amuulize mwenyewe, au waje wote wawili.