"Ndugu wawili" ni nani? Kumjibu mwenye swali la mirathi lenye habari nusu

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh wangu. Mimi ni mwalimu wa madrasa, nimesoma faraidhi kiasi. Watu hunitumia maswali ya mirathi kwa simu, maneno mawili matatu tu. Nikiwauliza zaidi wengine hawajibu tena, wanakwenda kugawa kwa kukisia. Nikijibu hivyo hivyo, naogopa kumla mtu haki yake. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah, mwanangu.

Jibu langu nimelijengea juu ya mambo matatu ambayo hukuyasema. Kwamba wewe si kadhi, wala jibu lako halina nguvu ya hukumu. Kwamba wanaokuandikia hawagombani, wanataka kujua tu. Na kwamba mafungu ya mirathi unayajua, shida yako ni habari zinazokufikia. Kama moja kati ya haya sivyo, niandikie kabla hujalifanyia kazi, hasa la pili. Penye ugomvi usijibu kwa simu kabisa, waelekeze kwa kadhi, kwa sababu huko pande zote mbili zitasikilizwa.

Sasa tuchukue ujumbe wa namna unayoipata wewe na mimi: "Sheikh, kaka yetu amefariki. Ameacha mke, binti mmoja, mama, na ndugu wawili. Tumeshalipa madeni, zimebaki milioni 24. Nani apate nini?"

Kwa aliyesoma, hesabu hii ni nyepesi. Mke ana thumuni kwa kuwa kuna mtoto, milioni 3. Binti aliye peke yake ana nusu, milioni 12. Mama ana sudusi, milioni 4. Jumla ni 19, na 5 zinazobaki wanazichukua ndugu wawili kwa uasaba, milioni mbili na nusu kila mmoja. Ungeweza kuandika mistari minne ukatuma, na muulizaji akakuombea dua njema.

Lakini tazama umejibu nini. Lugha yetu ina neno moja, "ndugu", kwa watu ambao sheria imewaweka mbali kabisa. Ndugu ni wa baba mmoja mama mmoja, ni wa baba mmoja tu, ni wa tumbo moja baba mbalimbali, na mara nyingi ni mtoto wa ami au wa mjomba aliyelelewa nyumba moja na marehemu. Neno lenyewe halisemi hata kama ni mwanamume au mwanamke. "Mama" vilevile: kwa watu wengi ni yule aliyemlea marehemu, na huenda akawa mke wa baba yake au mama mdogo. Wewe uliposoma "ndugu wawili", moyo wako ulishachagua wanaume wawili wa baba mmoja mama mmoja, na hukujua kwamba umechagua. Hapo ndipo haki ya mtu hupotea.

Hata katika Qur'ani neno hili lilihitaji kubainishwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 12 inataja kaka au dada wa marehemu asiyeacha mzazi wala mtoto, ikawapa sudusi kila mmoja, au theluthi wakiwa zaidi. Aya ya 176 inataja kaka na dada tena, na mafungu ni mengine kabisa. Wanazuoni wamekubaliana kwamba wa aya ya 12 ni wa upande wa mama, na wa aya ya 176 ni wa baba na mama au wa baba. Ikiwa wao hawakulipita neno hilo bila kuuliza ni ndugu gani, sisi tutalipitaje?

Kwa hiyo jibu lako lisianze na milioni. Lianze hivi:

"Umeniambia: mke, binti mmoja, mama, ndugu wawili, na milioni 24 baada ya madeni. Hukuniambia, nami nimejengea juu ya haya: mama ni yule aliyemzaa marehemu. Ndugu wote wawili ni wanaume, wamezaliwa na baba yule yule na mama yule yule wa marehemu. Baba wa marehemu na babu mzaa baba walikufa kabla yake. Hakuacha mtoto wa kiume, wala mke mwenye mimba. Hakuacha wasia. Kama lolote kati ya haya si kweli, hesabu iliyo chini si yenu, msigawe, niambieni nifanye nyingine."

Halafu ndipo uweke mafungu.

Angalia kwamba sikuandika "ndugu shakiki". Neno hilo tunalijua sisi tuliokaa mbele ya vitabu. Nataka jibu likisomwa kwa sauti pale ukumbini, bibi aliyekaa pembeni aweze kusema, "Hapana, hao mama yao mwingine." Yeye ndiye mwenye habari ambayo wewe huna, na hatakusahihisha kwa neno asilolielewa. Haya nayasema kwa kuwa yalinipata. Miaka mingi nyuma nilijibu swali la karibu sana na hili, nikatuma mafungu matupu. Baada ya miezi kadhaa mtu wa familia ile akaniuliza jambo jingine, na katika maneno yake ikatoka kwamba wale ndugu walikuwa wa tumbo moja na marehemu, baba mbalimbali. Fedha zilishagawiwa, na sehemu ilishaliwa. Hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyekisia, na ukisio wangu sikuuweka mahali pa kuonekana. Niliwaita, tukasaidiana kurudisha kilichorudishika, na mpaka leo nikiikumbuka naomba maghfira.

Kwa nini ilikuwa nzito hivyo? Chukua milioni zetu zile zile 24. Ikiwa ndugu wawili ni wa upande wa mama peke yake, binti anawazuia, hawapati hata shilingi. Zile milioni 5 zinatafutiwa asaba mwingine, hata akiwa mbali, kama baba mdogo wa marehemu au mwanawe wa kiume. Asipopatikana, kwa fatwa ya wanazuoni wa baadaye wa madhehebu yetu ya Shafii pale hazina ya Waislamu inapokosa utaratibu, zinarudi kwa binti na mama kwa kadiri ya mafungu yao, mke harudishiwi. Binti anafikia milioni 15 na laki saba na nusu, mama milioni 5 na robo. Ikiwa "mama" ni mke wa baba, hana fungu, na milioni 4 zake zinakwenda kwa ndugu. Ikiwa baba yu hai, ndugu wote wanatoka, na yeye anachukua sudusi yake pamoja na baki, milioni 5. Umeona? Ujumbe ni ule ule, neno kwa neno.

Hapa utaniuliza: basi si nimwandikie njia zote hizo achague iliyo yake? Usifanye hivyo. Imamu Nawawi, katika utangulizi wa Al-Majmuu, amesema kwamba suala lenye mafafanuzi lisijibiwe kwa jumla, kufanya hivyo ni kosa. Mufti amuulize muulizaji kama yupo, au ajibu upande mmoja akijua kuwa ndio uliomtokea, kisha aseme: hili ni ikiwa mambo ni hivi na hivi. Ama kumpangia muulizaji pande zote, ametaja kwamba Abul Hasan al-Qabisi alikuchukia, akasema ni kuwafundisha watu uovu. Nami nimeliona kwa macho yangu. Ukimwandikia mtu kwamba ndugu akiwa wa baba anapata milioni mbili na nusu, na akiwa wa mama hapati kitu, umeshamwonyesha aseme nini. Nimekupa wewe hesabu hizo kwa kuwa unafundisha. Muulizaji mpe moja tu, ile iliyo karibu zaidi na maneno yake, na sharti zake ziwe wazi juu yake.

Nasema juu, si chini, kwa sababu mwenye kusubiri fungu lake akishaona jina lake na idadi ya fedha hasomi tena. Na ujumbe wa simu hukatwa. Atakayemtumia nduguye atamtumia mistari ya milioni, na tahadhari uliyoiweka mwisho itabaki kwenye simu ya mtu mmoja.

Ila usizidishe. Niliwahi kumwona mwanafunzi aliyejaza sharti kumi na nane, mpaka kwamba marehemu hakuuawa na mrithi wake. Familia iliziruka zote, na ile moja iliyowahusu wakairuka pamoja nazo. Kipimo changu ni hiki: ligeuze kila unalokisia, upige hesabu upya. Mafungu yakibadilika, na jambo lenyewe hutokea katika nyumba za watu, liandike. Kama ndugu ni wakubwa au wadogo kwa marehemu, hakibadiliki kitu, liache. Kama kuna mtoto wa kiume aliyezaliwa na mke aliyeachwa zamani, ndugu wote wanaanguka, kwa hiyo "hakuacha mtoto wa kiume" liandike hata kama unaona limeeleweka. Watu humsahau mtoto huyo, na wengine humsahau kwa makusudi.

Usione haya kwamba jibu litaonekana halina uhakika. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Ummu Salama waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba yeye ni mtu, watu humletea kesi zao, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa anayoyasikia. Na atakayekatiwa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Na Ibnu Mas'ud aliulizwa juu ya mwanamke aliyefiwa na mume kabla ya kutajiwa mahari wala kuingiliwa. Wakamwendea mara kwa mara karibu mwezi mzima. Mwishowe akasema wazi kwamba anasema kwa rai yake, ikiwa sawa inatoka kwa Mwenyezi Mungu, na ikiwa kosa linatoka kwake na kwa shetani, akampa mahari ya wanawake wa mfano wake, mirathi, na eda. Ma'qil bin Sinan akasimama akashuhudia kwamba Mtume alihukumu hivyo hivyo kwa Barwa' binti Washiq. Ibnu Mas'ud akafurahi sana. Kwa kuwa alisema kwamba ni rai yake, mwenye habari alijua pa kuingilia.

Liko jambo moja ambalo usilikisie hata ukiliandika juu kwa herufi kubwa. Mtu akikutumia, "Nimemwambia mke wangu nenda kwenu, je ameachika?", jibu lote limo ndani ya nia yake, na hakuna bibi wa pembeni anayeijua nia hiyo. Ukiandika "nimejengea kwamba hukukusudia talaka", umemtia neno kinywani. Huyo mpigie simu, umuulize yeye mwenyewe alikusudia nini alipolitamka, na mpaka ajibu usimjibu kitu.

Wallahu a'lam.