Seva nne, Ceph, na swali la 4+2

Swali: Habari mkuu. Ofisini tumepata seva 4, kila moja ina diski 4 za TB 8 (zile za kuzunguka), swichi yetu ni ya giga 1. Tunataka kuweka Ceph, juu yake VM kama 15 ambazo zinakula TB 4 hivi, na nyaraka zilizoskaniwa pamoja na bekapu kama TB 30. Bosi kasoma kwamba replikesheni mara tatu inakula nafasi bure, anataka tuweke EC ya 4+2 tupate TB 85. Mimi nina wasiwasi. Ipi ni sahihi, na kiukweli tutapata TB ngapi za kutumia?

Jibu: Salama mkuu. Wasiwasi wako una msingi. Hesabu ya bosi kwenye karatasi ni sawa kabisa, TB 128 gawanya kwa 1.5 unapata 85, ila seva nne haziwezi kubeba 4+2 na hapo ndo kila kitu kinapoanzia, kwa hiyo tuanze na hilo.

Kwenye replikesheni ya kawaida Ceph inaandika nakala tatu nzima za kila kitu, kila nakala kwenye seva yake. Kwenye ireja kodingi, yani hiyo EC, data inakatwa vipande k halafu vinatengenezwa vipande m vya ziada kwa hesabu, na ukipoteza vipande vyovyote m bado data inajengwa upya kutoka vilivyobaki. 4+2 maana yake vipande sita, na kila kipande kinatakiwa kikae sehemu ambayo haifi pamoja na mwenzake, ambayo kwa mtu mwenye akili ya uendeshaji ni seva, sio diski. Vipande sita, seva nne. Haviingii. Ukiunda hiyo puli, yani sehemu ya hifadhi yenye kanuni zake, na `crush-failure-domain=host` itakubali kuundwa bila kelele, ila PG zake, yani makundi ambayo puli inagawia data yake, hazitaamka, `ceph -s` itakuambia kuna PG ambazo ni inactive, na ukiangalia orodha ya OSD, yani diski, za PG moja utaona namba ya ajabu 2147483647 au neno NONE, hiyo ndo Ceph inakwambia nafasi hii nimekosa pa kuiweka.

Sasa watu wakifika hapo wanaenda gugo wanapata ushauri wa kubadilisha iwe `crush-failure-domain=osd`, puli inaamka, kila kitu kijani, wanafurahi. Huo ndo mtego wenyewe. Vipande sita kwenye seva nne lazima kuna seva itabeba viwili au zaidi vya PG ileile, haikwepeki. Siku unaiwasha upya seva moja tu kwa ajili ya apdeti, PG iliyokuwa na vipande viwili pale inabaki na vinne, na kwa 4+2 `min_size`, yani idadi ya chini ya vipande vinavyotakiwa kuwepo ili kazi iendelee, kwa kawaida ni 5, kwa hiyo inasimama, VM zinaganda. PG iliyokuwa na vitatu pale ndo data yake haisomeki kabisa mpaka seva irudi, na kama seva imeungua haitarudi. Kuna wanaoandika ruli ya CRUSH inayolazimisha vipande viwili viwili kwenye seva tatu, hapo data inakuwa salama seva moja ikifa lakini bado kuandika kunasimama, na ukishusha `min_size` iwe 4 ili isisimame unaandika data mpya bila kinga yoyote. Usifanye hivyo kwa VM za watu.

Kwa seva nne EC inayokaa vizuri ni 2+2. Seva moja ikianguka vinabaki vipande vitatu, `min_size` ni 3, kazi inaendelea. Ya pili ikianguka kazi inasimama ila data ipo. Kuna 2+1 pia, na inavutia maana inakula mara 1.5 tu, lakini baada ya kupoteza kimoja huna akiba hata kidogo na diski nyingine ikizingua wakati inajijenga umekwisha, mimi siiweki kwenye kitu ambacho hakina nakala kwingine.

Sasa hesabu ya nafasi, na hapa naomba usome taratibu maana ndo wengi wanaumia.

Ceph inaanza kukuonya diski ikifika asilimia 85, kwenye 90 inakataa kuhamishia data ya ukarabati kwenye hiyo diski, na kwenye 95 inazuia kuandika kabisa. Kumbuka ni diski moja iliyojaa kuliko zote, sio wastani wa klasta, na kwenye klasta ndogo diski hazijai sawasawa. Kwa hiyo juu kabisa unaruhusiwa kufikiria asilimia 85. Halafu lazima uache nafasi ya kitu kufa. Seva moja ikifa, Ceph inasubiri dakika 10, ikiona hairudi inaanza kutengeneza upya nakala zilizopotea kwenye seva tatu zilizobaki. Hizo tatu zina TB 96, asilimia 85 yake ni TB 81.6. Hiyo ndo data ghafi unayoruhusiwa kuwa nayo kwenye klasta nzima wakati kila kitu ni kizima. Gawanya kwa tatu unapata TB 27.2 za kutumia kwa replikesheni. Sio 42 ambayo ungeipata kwa kugawanya 128 moja kwa moja.

Kwa 2+2 mtu atasema seva ikifa hakuna pa kujenga upya, vipande vinne vinahitaji seva nne, kwa hiyo sihitaji kuacha nafasi ya seva, nitajaza mpaka 85 nipate TB 54. Hapana, angalia diski moja ikifa badala ya seva nzima. Kila seva lazima ibebe kipande kimoja cha kila PG, kwa hiyo vilivyokuwa kwenye diski iliyokufa haviwezi kuhamia seva nyingine, vinaenda kwenye diski tatu zilizobaki ndani ya seva ileile. Kama zilikuwa asilimia 85 zinatakiwa kubeba theluthi zaidi, yani 113. Hazitoshi. Ukarabati unakwama, unaona `backfill_toofull`, na kila data mpya ikiingia unasogelea ile 95. Ili diski tatu zibebe kazi ya nne bila kuvuka 85 ilibidi ziwe chini ya asilimia 64, na asilimia 64 ya TB 128 inaturudisha kwenye zile zile TB 81 na ushee. Gawanya kwa mbili, unapata TB 40 hivi. Hiyo ndo namba ya kumpelekea bosi kwa EC.

Na usidanganyike na safu ya MAX AVAIL kwenye `ceph df`. Ile inahesabu replikesheni au EC yako na diski iliyojaa zaidi, lakini haikutolei nafasi ya seva wala diski itakayokufa. Hiyo unaitoa mwenyewe kichwani.

Kwa hiyo kwenye kesi yako mimi ningegawanya. TB 30 za nyaraka na bekapu ziende 2+2, zitakula TB 60 ghafi, uko asilimia 47, una nafasi ya kukua mpaka zile TB 40. VM ziende replikesheni ya tatu, na sio kwenye hizi diski. Diski ya kuzunguka inatoa kama operesheni 100 ndogo ndogo kwa sekunde, unazo 16, ni 1600, na kila uandishi unafanyika mara tatu, unabaki na 500 na kitu kwa VM 15 zote, zitalalamika asubuhi ya kwanza. Kwenye EC ni mbaya zaidi maana kubadilisha kilobaiti 4 katikati ya faili la VM kunailazimu isome vipande vya zamani, ipige hesabu upya, iandike tena kwenye seva zote nne. Nunua SSD mbili za TB 3.84 kwa kila seva, hesabu ileile, seva tatu zilizobaki zina TB 23, asilimia 85, gawanya kwa tatu, unapata TB 6.5, na VM zako ni 4. Chukua zile za seva zenye kinga ya umeme kukatika ndani yake, za laptopu zisizo nayo zinakuwa polepole mno kwa aina ya uandishi wa Ceph hata kama boksi limeandikwa kasi kubwa.

Puli ya nyaraka inaundwa hivi:

```
ceph osd erasure-code-profile set ec22 k=2 m=2 \
  crush-failure-domain=host crush-device-class=hdd
ceph osd pool create nyaraka erasure ec22
ceph osd pool set nyaraka allow_ec_overwrites true
```

Mstari wa mwisho unahitajika kama utaitumia kwa CephFS au RBD, na hata hapo taarifa zinazoelezea mafaili, yani metadata, zikae kwenye puli ya replikesheni, EC haizibebi. Fikiria vizuri kabla ya kuunda maana k na m hazibadilishwi baadaye, ukitaka nyingine unaunda puli mpya na kuhamisha data yote.

Swichi ya giga 1 ibadilishe, hii sio anasa. Tuseme umeweka replikesheni na seva iliyokufa ilikuwa na TB 19, seva tatu zilizobaki kila moja inatakiwa kupokea TB 6 na kitu. Kwa giga 1 ni saa 14 kama hakuna mtu mwingine anatumia waya, na wapo, kwa hiyo ni siku nzima au zaidi ukiwa na akiba pungufu huku VM zinatambaa. Kwa giga 10 waya unaacha kuwa tatizo, kinachokubana ni diski zenyewe. RAM weka GB 4 kwa kila OSD kama ndo chaguo lake la kawaida, ukiongeza SSD utakuwa na OSD sita kwa seva, hiyo ni 24 kabla ya MON, zile programu zinazosimamia hali ya klasta, na mfumo, kwa hiyo 64, na kama VM zinakaa kwenye seva hizohizo ongeza za VM juu yake. MON ziwe tatu.

Mtu atakuja kukuambia weka replikesheni ya mbili kwa VM uokoe nafasi, na `min_size` 1 isisimame. Angalia kinachotokea: seva A iko chini kwa apdeti, maandishi mapya yote yanaingia nakala moja tu iliyoko seva B, diski ya B inakufa dakika hiyo, A inarudi ikiwa na data ya zamani na yenyewe inajua ni ya zamani. PG inabaki down na hakuna amri ya kurudisha maandishi ya muda ule. Baki na nakala 3 na `min_size` 2.

Kabla hujaingiza data ya kweli jaza klasta kwa data ya majaribio mpaka asilimia 50 hivi halafu chomoa waya wa umeme wa seva moja, bila kuweka `noout`, ile alama inayoizuia Ceph kuanza kujenga upya, na usiizime kistaarabu. Angalia `ceph -s` kwa saa kadhaa: puli ya VM inatakiwa ijirudishe yenyewe mpaka PG zote ziwe `active+clean`, ya nyaraka ibaki `active+undersized+degraded` lakini inasomeka na kuandikika. Irudishe seva, subiri itulie, halafu ua diski moja na uangalie `ceph osd df tree` uone zile tatu za jirani zinapanda mpaka wapi.