Kila zamu ina mtu wake, lakini je, kuna mtu wa kila zamu?

Chukua zahanati yenye zamu tatu na wahudumu watatu, Asha, Baraka na Neema, wanaoruhusiwa kufungua kabati la dawa. Alama ya ✓ inaonyesha zamu ambayo mhudumu anafanya kazi.

| Zamu | Asha | Baraka | Neema |
|---|---|---|---|
| Asubuhi | ✓ | | ✓ |
| Mchana | ✓ | ✓ | |
| Usiku | | ✓ | |

Swali la kwanza: je, kwa kila zamu kuna mtu wa kufungua kabati? Yupo. Asubuhi kuna Asha na Neema, mchana kuna Asha na Baraka, usiku kuna Baraka. Swali la pili: je, kuna mtu wa kufungua kabati kwa kila zamu? Hapa jibu ni hapana. Asha hayupo usiku, Baraka hayupo asubuhi, na Neema hayupo mchana wala usiku. Maneno ni yaleyale na jedwali ni lilelile, ila majibu yamepishana kwa sababu tu "kila" na "kuna" vimebadilishana nafasi.

Katika mantiki sentensi ya kwanza huandikwa ∀z ∃m na ya pili ∃m ∀z, ambapo z ni zamu, m ni mtu, ∀ husomwa "kwa kila" na ∃ husomwa "kuna". Soma kutoka kushoto kwenda kulia, na ukifika kwenye ∃ jiulize: ni nini kimeshatajwa kabla yake? Mtu unayemchagua anaruhusiwa kutegemea vilivyotangulia tu. Katika ∀z ∃m zamu imeshajulikana, kwa hiyo ukiambiwa usiku unasema Baraka, ukiambiwa asubuhi unasema Asha. Katika ∃m ∀z unalazimika kutaja jina kwanza, kisha mwenzako anachagua zamu ya kukubana. Kama jina lako lina pengo hata moja, atalipata.

Kwenye jedwali kazi hii inafanyika kwa macho. Sentensi ya kwanza inakaguliwa kwa mistari: pita mmoja baada ya mwingine, na kila mstari uwe na alama angalau moja. Ya pili inakaguliwa kwa safu wima: tafuta hata moja iliyojaa kuanzia juu hadi chini. Kosa linalowanasa wengi ni kukagua mistari, kuridhika, kisha kuandika hitimisho la safu.

Kutoka ya pili kwenda ya kwanza hakuna tatizo. Akiwepo mtu wa zamu zote, huyo huyo atakuwa jibu la kila mstari. Kurudi nyuma ndiko hakuruhusiwi, na si kwa sababu ya jedwali moja la ajabu lililotafutwa makusudi. Jedwali la mistari mitatu na safu tatu lina visanduku 9, kwa hiyo linaweza kujazwa kwa namna 512. Kila mstari una namna 8 za kujazwa. Ukiondoa ile ya mstari mtupu zinabaki 7, hivyo sentensi ya kwanza ni kweli katika majedwali 7×7×7, yaani 343. Kwa hesabu hiyo hiyo upande wa safu, majedwali yasiyo na safu hata moja iliyojaa ni 343, kwa hiyo yenye safu iliyojaa ni 169. Toa 169 kwenye 343, unapata 174. Maana yake, katika majedwali yote ambayo sentensi ya kwanza ni kweli, zaidi ya nusu yanaifanya ya pili kuwa uongo.

Kukanusha nako kuna mtego wake. Kupinga "kila zamu ina mtu" inatosha kuonyesha zamu moja tupu. Kupinga "kuna mtu wa zamu zote" hakutoshi kusema Asha hayupo usiku, maana hapo umemwondoa Asha peke yake. Unahitaji pengo kwa kila jina: Asha usiku, Baraka asubuhi, Neema mchana. Ukikanusha, kila ∀ inageuka ∃ na kila ∃ inageuka ∀, na "yupo" inageuka "hayupo", lakini mpangilio wa z na m haubadiliki.

Wanaoandika programu watautambua mpangilio huu:

```python
all(any(yupo[z][m] for m in watu) for z in zamu)
any(all(yupo[z][m] for z in zamu) for m in watu)
```

Mstari wa kwanza unakagua mistari ya jedwali, wa pili unakagua safu. Angalia kisa kimoja: orodha ya `zamu` ikiwa tupu, mstari wa kwanza unarudisha `True` bila kukagua chochote. Data ikishindwa kupakiwa, ukaguzi "utafaulu". Hakikisha kwanza kwamba orodha ina kitu.

Katika maandishi ya kawaida, sentensi kama "Kutakuwa na msimamizi kwa kila zamu" inabeba maana zote mbili, na kwenye mkataba huo ni ugomvi unaosubiri siku yake. Uliza "nani huyo?" Kama jibu ni "inategemea zamu ipi", andika: "Kila zamu itakuwa na msimamizi wake, na si lazima awe yuleyule." Kama jibu ni jina moja, andika: "Msimamizi mmoja, huyohuyo, atasimamia zamu zote."

Yapo mazingira ambayo kugeuza mpangilio kunaruhusiwa, na inafaa kuyajua. Kama unachochagua ni kiwango, kwamba kikitosha basi na kikubwa zaidi kinatosha, na vitu vya kuhudumiwa vina idadi yenye mwisho, chukua kiwango kikubwa kuliko vyote. Kila siku ya wiki ina kiasi cha maji kinachoitosha, kwa hiyo kuna kiasi kimoja kinachotosha siku yoyote kati ya hizo saba: kile cha siku yenye matumizi makubwa zaidi. Watu hawako hivyo, maana huwezi kumjumlisha Asha na Baraka ukapata mhudumu mmoja.

Vitu visipokuwa na mwisho, hata mbinu ya kiwango kikubwa inaweza kugoma. Chukua namba x yoyote kuanzia 0 lakini iliyo chini ya 1, uizidishe yenyewe kwa yenyewe hadi upate xⁿ, yaani zao la x zilizo n, iliyo chini ya 0.01. Kwa kila x kuna n inayotosha: kwa 0.9 unahitaji n = 44, kwa 0.99 unahitaji 459, kwa 0.999 unahitaji 4603. Kadiri x inavyoikaribia 1, n inapanda bila kikomo, kwa hiyo hakuna n moja ya kutosha x zote. Tofauti hii ilimponyoka hata Cauchy, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa. Mwaka 1821 alidai kwamba ukijumlisha mfululizo usio na mwisho wa fomula endelevu, yaani ambazo grafu zake hazikatiki, na kwa kila x jumla ikakaribia jibu maalumu, basi jumla hiyo nayo lazima iwe endelevu, na mwaka 1826 mwanahisabati wa Norwei, Abel, akaonyesha mfululizo unaolikataa dai hilo. Dai linasimama pale n moja, yaani idadi moja ya vipande vya kujumlisha ili kulikaribia jibu, inapotosha x zote, si pale kila x inapokuwa na n yake. Kwa xⁿ yetu dawa ni kuweka mpaka: ukikubali kuishia x = 0.99, n = 459 inatosha kwa x zote zilizobaki, kwa sababu 0.99 ndiyo ngumu kuliko zote.