Yule kijana aliyekuja dukani anaimba puani

"Baba shikamoo. Kikundi chetu cha maigizo huku Dodoma kinataka kaigizo kafupi ka muuza duka na mteja anayeimba puani wimbo asioujua jina, mwisho jina ndo litajwe. Nimekumbuka yule kijana wa bodaboda wa pale dukani. Mliongea vipi hasa, na we uliujuaje wimbo wakati hakusema hata neno moja?"

Marahaba mwanangu. Huku Chikongola tuko salama, mama ako kaenda Mikindani kwa dada ako ndo mana nimepata nafasi ya kukaa kwenye simu niandike kirefu.

Kwanza ujue kitu kimoja, mtu akija anaimba puani mara nyingi hakuimbii kile unachodhani. We unategemea sauti ya muimbaji, yeye kakushikilia gitaa. Nyimbo zetu za dansi zina magitaa matatu, solo, rizimu na besi, na kuna watu kichwani mwao linabaki besi tu maneno yote yamepotea. Yule kijana alikuwa wa namna hiyo. Kaegesha pikipiki, kaagiza nusu kilo ya sukari, huku anaenda dum dum, anatulia, dum dum dum, anatulia. Mtu anayefuata sauti ya muimbaji haimbi hivyo, sauti inavutwa, inapanda inashuka na inapumua mwisho wa sentensi. Huyu alikuwa anaacha nafasi katikati kama anamsubiri mwenzake ajibu, nikajua hapa nasikilizishwa besi.

Sasa nikamuuliza, na hapa nakuandikia vile tulivyoongea, uzipunguze mwenyewe zikiwa ndefu.

Mimi: Kijana, wimbo gani huo?
Mteja: Mzee shikamoo, yan hata mi sijui, una siku nyingi kichwani unanisumbua.
Mimi: Marahaba. Umeusikia wapi?
Mteja: Kwenye sherehe ya kumtoa mwali, dijei kaweka za zamani wazee wote wakainuka.

Hilo la wazee kuinuka limenisaidia kidogo tu, maana wazee wa Mtwara wanainuka kwa nyimbo nyingi mno. Swali lililofanya kazi ni lile lililofuata.

Mimi: Kulikuwa na tarumbeta? Saksafoni?
Mteja: Hamna mzee. Magitaa matupu.

Unaona hapo. Bendi zetu kubwa za Dar enzi zile, Msondo, Sikinde, zilikuwa na watu wa kupuliza, ukisikia wimbo wao mapema tu tarumbeta zinaingia. Akikwambia magitaa matupu, halafu besi limekaa mbele kiasi kwamba mtu analibeba mpaka nyumbani, mi mawazo yananipeleka Nairobi, kwa wale vijana wa kwetu waliokwenda kupiga muziki Kenya, ukoo wa akina Wanyika. Ila usiruke kutaja jina hapohapo! Wengi ndo wanapoharibu. Mtu ana wimbo nusu kichwani, we ukimuimbia wa kwako kwa sauti kubwa atasema ndo huohuo, kumbe umeufuta wa kwake ukamuwekea mwingine, na akishaupoteza haurudi mpaka kesho yake.

Kwahiyo nikamwambia agonge kaunta. Hilo uliweke kwenye igizo maana hata watazamaji wataliona kwa macho. Mtu akiimba puani anaweza kuanza juu au chini kuliko wimbo wenyewe, hilo halina shida, kinachobaki ni hatua za kupanda na kushuka na ule muda kati ya noti na noti. Sasa kama masikio yake hayajatulia hata hizo hatua anazipotosha, lakini mapigo mkono haudanganyi sana. Akagonga. Mapigo yalikuwa ya taratibu, hayana haraka, na zile nafasi zikatoka palepale alipokuwa anatulia mwanzo. Mi nikachukua kijiko cha kupimia sukari nikawa nagonga rizimu ndogondogo kwenye zile nafasi, tiki-tiki tiki-tiki, huku yeye anaendelea na besi lake. Kijana akacheka mwenyewe, akaanza kutikisa mabega. Hapo mi tayari nilishajua wimbo, lakini nikamtega.

Mimi: Sikiliza, ni huu? (nikamuimbia puani kipande cha Pamela)
Mteja: Hapana. Huo unafanana lakini siyo.
Mimi: Una uhakika?
Mteja: Mzee siyo huo, wangu besi linatulia, huo wako hautulii.

Pamela nilimuwekea makusudi, ni ya bendi hiyohiyo Les Wanyika, magitaa yanafanana harufu. Angekubali ningejua hana wimbo wowote kichwani, anatafuta tu wa kufanana. Alivyokataa haraka tena na sababu, nikajua anao mzima. Mtego huo unafanya kazi kama wimbo wa uongo uko karibu na wa kweli, ukimtega kwa taarabu atakataa na hujapima kitu.

Hao Les Wanyika we unawajua kwa majina ya juujuu tu. Simba Wanyika ilikuwa ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, mwezi wa 11 mwaka 1978 wenzao kadhaa wakajitoa wakaanzisha ya kwao. Besi alikuwa Tom Malanga, rizimu Omari Shabani waliyemwita Profesa, muimbaji Issa Juma, drams Rashid Juma, na John Ngereza akaja na solo. Wimbo uliowapandisha ndo huo wa kijana. Na ukiusikiliza kwa spika yenye besi utaelewa kwanini mtu anaweza kuusahau wote akabaki na Malanga peke yake, besi na rizimu vinajibizana pale kama watu wawili wanaongea barazani. Kwenye simu huwezi kulisikia vizuri, spika za simu zinalimeza besi, ndo mana yule kijana aliubeba kutoka kwenye mziki mkubwa wa dijei lakini hakuupata tena kwenye simu hata wenzake walipomuwekea, alikuwa anasikia wimbo mwingine kabisa.

Sasa kwenye igizo lako, muigizaji asiimbe sauti ya muimbaji. Akiimba ile tu watu wataudaka sekunde mbili igizo limekwisha kabla sukari haijapimwa. Aimbe besi, na zile nafasi aziache kweli, asizijaze. Mkiweza kupata mtu wa kugonga kijiko vizuri muuza duka awe huyo, hata kama hajui kuigiza sana. Na kabla ya jina muuza duka amfungie sukari kwanza, achukue hela, arudishe chenji, mteja awe ameshapanda pikipiki yake anawasha. Ndivyo ilivyokuwa, na mwisho wenyewe ulikwenda hivi, wallahi sijaongeza neno:

Mteja: Sasa mzee mbona huniambii?
Mimi: Sina Makosa.
Mteja: Ah, nani kasema una makosa mzee wangu? Mi nauliza wimbo.
Mimi: Si ndo nakujibu.
Mteja: Unanijibu nini sasa?
Mimi: Jina la wimbo! Sina Makosa.