Alama ngapi za mtihani ni asilimia moja ya kozi?

“Kozi yetu hapa Tanga kazi za muhula ni 40, mtihani 60. Karatasi ina alama 80. Nina 27.5, nataka 60 kwa jumla. Nipate ngapi?”

Mdogo wangu, gawanya alama za karatasi kwa uzito wa mtihani: 80 ÷ 60, unapata 1.33. Basi kila asilimia moja ya kozi unainunua kwa alama moja na theluthi. Ukitaka tatu, lipa alama nne.

Umepungukiwa 32.5. Zidisha kwa 80, gawanya kwa 60: 43.33. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanaandika 43. Ijaribu kurudi nyuma: 43 × 60 ÷ 80 ni 32.25, ukijumlisha 27.5 unapata 59.75. Kama chuo hakikuzi desimali, umekosa kwa robo tu! Lenga 44, inakufikisha 60.5.

Mimi niliwahi kupiga hesabu hii nyuma ya karatasi ya maandazi, nikingoja daladala Ngamiani, nikadhani karatasi ni ya alama 100. Ingekuwa hivyo asilimia moja ingekula alama 1.67. Kwa hiyo soma jalada la mtihani uliopita, ujumlishe alama za maswali yanayotakiwa kujibiwa, si yote yaliyochapwa.

Kisha muulize mwalimu kama mtihani wenyewe una kiwango chake cha kufaulu. Kikiwa nusu, ni 40 kati ya 80, na 44 yako inavuka.